Shuka Moja, Majina Sita

Soma maelezo haya kama mteja aliyeshika simu, mwenye haraka, anayetaka kununua:

> Shuka la Kimasai ni fahari ya Arusha. Vazi hili limefumwa kwa ustadi mkubwa. Kitambaa chetu ni laini na hakichuji rangi. Blanketi hizi zitakukinga na baridi ya asubuhi. Lubega yetu inawafaa wanaume kwa wanawake. Bidhaa hii ya kipekee inapatikana dukani kwetu kwa bei nafuu.

Sentensi sita, majina sita. Aliyeandika alifuata kanuni tuliyofundishwa sote kwenye insha, kwamba neno likishatajwa mara moja litafutiwe mwenzake ili msomaji asichoke. Sarufi yake haina kosa. Kila jina limepata upatanisho wake: vazi hili, kitambaa hakichuji, blanketi hizi, lubega inawafaa. Mwalimu wa shule angempa alama nzuri.

Dukani hali ilikuwa nyingine. Mwenye duka ni mama mmoja wa Kaloleni hapa Arusha, anauza mashuka, vitenge, vikoi na viatu vya shanga, na ana tovuti ndogo ambayo wateja wa mikoani huagizia. Kwenye WhatsApp yake maswali yalikuwa yanajirudia. "Hicho kitambaa mnauza kwa mita?" "Blanketi lina uzito gani?" "Lubega yenu imeshonwa au ni ya kufunga?" Mteja mmoja wa Babati aliagiza akijua anapata blanketi zito la kulalia. Alipofungua mzigo akakuta shuka jepesi la kujifunga begani, akalirudisha kwa basi. Nauli ya kwenda na kurudi ikamwangukia mama.

Kabla ya maelezo hayo kulikuwa na mengine, yaliyoandikwa na mtu aliyemwahidi kwamba duka lingetokea juu kabisa kwenye Google:

> Mashuka ya Kimasai Arusha. Karibu ujipatie mashuka ya Kimasai bora. Mashuka ya Kimasai yetu ni mashuka ya Kimasai ya bei nafuu. Ukihitaji mashuka ya Kimasai, nunua mashuka ya Kimasai hapa.

Haya nayo mama aliyakataa, kwa haki. Aliniambia, "Mdogo wangu, mtu akiongea hivi mbele ya mteja, mteja ataondoka." Akaajiri mwandishi wa pili afute marudio, na huyo ndiye aliyetuletea majina sita. Ndipo nikaitwa mimi.

Ninachotaka kueleza ni kwamba waandishi hawa wawili, ingawa wanaonekana kusimama pande mbili, waliona tatizo lile lile: hesabu ya neno. Mmoja aliona limekuwa chache, mwingine akaona limezidi. Kiswahili kina njia ya tatu ambayo haihitaji kuhesabu, nayo imo kwenye sarufi yenyewe. Lakini kabla ya kuifikia njia hiyo, lazima tukubaliane kuhusu hayo majina sita.

Nilimwomba mama kitu kimoja. Nikaandika kila jina kwenye kipande chake cha karatasi, nikampa binti anayehudumia wateja dukani, ambaye hakuwa amesoma maelezo ya tovuti. Nikamwambia: mteja akiingia hapa akisema nataka hiki, utamtolea nini? Aliposoma "blanketi" akaenda kwenye rafu ya nyuma, akatoa blanketi la manyoya la kitanda. "Kitambaa" akanionyesha majora ya kitenge. "Vazi" akauliza, la kiume au la kike? "Lubega" akacheka kidogo, akasema hiyo ni namna ya kuvaa, siyo kitu cha kuuza, kisha akaonyesha kwa mkono jinsi nguo inavyopita chini ya kwapa moja na kufungwa juu ya bega la pili. "Bidhaa" hakugusa kitu. Na kwenye "shuka" akauliza swali ambalo lilinifaa kuliko yote: "La kitanda au la Kimasai?"

Karatasi sita zilimpeleka sehemu tofauti za duka. Tovuti ilikuwa inafanya hivyo hivyo kwa mteja, ila yeye hana binti wa kumuuliza.

Tofauti ya maneno haya si ya ladha tu. Kitambaa ni kitu ambacho bado hakijawa nguo, kwa hiyo humwambia mteja kwamba kuna kukata na kushona mbele yake. Blanketi hubeba uzito na joto la usiku. Vazi ni kitu kilichokamilika mwilini. Lubega ni mtindo, na mtu anaweza kuvaa lubega kwa kaniki au kwa kitenge. Mgolole, ambao baadhi ya watu huuita mgorori, ndio unaokaribia zaidi kwa sababu nao ni nguo ya kujitanda na kufunga begani. Lakini mama aliujua, binti hakuujua, na hilo linakuambia umri wa wateja watakaouelewa. Neno linaweza kuwa jirani na lingine kwenye kamusi na bado likaahidi kitu kingine sokoni. Mimi hutumia jaribio hili la karatasi kila ninapopewa maelezo ya kitu nisichokiuza mwenyewe: neno likimpeleka muuzaji kwenye rafu nyingine, haliwekwi mahali pa jina la kitu, hata kama sentensi inaimba vizuri.

Sasa njia ya tatu. Angalia jinsi muuzaji anavyozungumza akiwa ameshika shuka mkononi. Hataji jina lake kila mara, wala hatafuti jina jingine. Anasema: "Hili limefumwa vizuri, halichuji, ukilifua jioni asubuhi limekauka, lipo la nyekundu na la bluu." Jina halimo kabisa, na hakuna anayepotea, kwa sababu li- na la vinalibeba. Upatanisho wa ngeli ndio uzi unaomwambia msikilizaji kwamba bado tuko kwenye kitu kile kile. Mwandishi wa pili aliukata uzi huo kila aliposimama. Kutoka vazi hili akaruka kwenye kitambaa chetu, akaenda kwa blanketi hizi, ambazo zimeingia wingi ghafla, kisha lubega yetu, akamalizia na bidhaa hii. Msomaji anaposikia ngeli imebadilika, akili yake inaelewa kwamba kitu kimebadilika, na haikosei kuelewa hivyo.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya marudio ni kuliondoa jina na kuacha kitenzi kisimame chenyewe, bila kuleta jina geni. Badala ya "Shuka la Kimasai ni refu. Shuka la Kimasai limefumwa kwa akriliki," andika "Shuka la Kimasai ni refu, na limefumwa kwa akriliki." Jambo hili dogo lilifuta zaidi ya nusu ya marudio kwenye maelezo ya kwanza, na halikugharimu neno hata moja jipya.

Njia hii ina mpaka wake, na mpaka huo ndio unaokuonyesha mahali pa kulirudisha jina. Ngeli ya shuka, tukiliandika kama shuka hili, ni ile ile ya bega, joto, vazi, blanketi na duka. Tazama sentensi hizi: "Shuka hili hufungwa kwenye bega la kushoto. Lisibanwe sana." Nini kisibanwe, shuka au bega? Au hii: "Shuka hili linapatikana kwenye duka letu la Kaloleni. Ni kubwa na lina rangi nyingi." Duka limepakwa rangi? Panapoingia jina lingine la ngeli ile ile katikati, uzi umefungwa fundo, na hapo unatakiwa useme shuka tena, wazi, bila aibu. Nalirudisha pia kila aya mpya inapoanza, maana mtu wa simu husogeza kwa kidole na kusimama popote; akisimama kwenye aya inayoanza na "Limefumwa," hajui kilichofumwa. Marudio ya namna hii hayamchoshi mtu. Anayechoka ni yule anayesomewa jina mahali ambapo tayari alikuwa nalo kichwani.

Ukifuata mpaka huo, jina litatokea lenyewe mara kadhaa kwenye maelezo ya aya nne, na neno la kutafutia, yaani lile ambalo mteja huliandika kwenye Google, litakuwemo bila mtu kulipanda. Kuna watu wanaouza kanuni za asilimia, kwamba neno la kutafutia lazima liwe asilimia fulani ya maneno yote. Kipimo hicho hakijatoka Google. Kinachofahamika wazi ni kwamba sera zake dhidi ya takataka za utafutaji zinataja kurundika maneno ya kutafutia kama kosa, na kwamba tangu mwaka 2009 ilishasema haitumii ule mstari uliofichwa wa `<meta name="keywords">` kupanga matokeo. Tovuti ya mama ilikuwa bado imejazwa mstari huo, umeandikwa maneno mengi, hata "utalii Serengeti". Tuliufuta wote.

Lipi basi ndilo neno la kutafutia? Hapa swali la binti linarudi na uzito wake. Mtu anayeandika "mashuka" peke yake kwenye Google akiwa Tanzania, mara nyingi anataka mashuka ya kitanda. Mama aliponifungulia Google Search Console, chombo cha Google kinachomwonyesha mwenye tovuti jinsi kurasa zake zinavyotafutwa, kwenye orodha ya maneno waliyotafuta watu, ukurasa wa shuka la Kimasai ulikuwa unaonyeshwa kwa watu wanaotafuta mashuka ya pamba na mashuka ya sita kwa sita. Ulionekana mara nyingi na kubofywa mara chache sana. Mwandishi wa kwanza angeona wingi ule wa kuonekana akashangilia. Kwangu ulikuwa dalili kwamba neno la kutafutia la ukurasa huu si "shuka", ni "shuka la Kimasai" kwa ukamilifu wake, na kwamba kichwa na sentensi ya kwanza lazima vimwondoe mapema anayetafuta la kutandika. Ndiyo maana kwenye maelezo mapya utakuta maneno "si la kutandika". Ni maneno machache yanayowafukuza wageni wasiotakiwa, na hayaharibu lugha.

Tatizo la pili ni kwamba watu hawaandiki jina hili kwa namna moja. Shuka limo kwenye ngeli mbili midomoni mwa watu: wako wanaosema shuka la Kimasai na mashuka ya Kimasai, na wako wanaosema shuka ya Kimasai na shuka za Kimasai. Orodha ya Search Console ilikuwa na zote nne, na nyingine zimeandikwa Kimaasai, kwa a mbili. Mwandishi asiyejua atataka kuziingiza zote kwenye aya moja ili asikose hata mmoja. Huko ndiko kunakozaliwa sentensi kama "shuka hii la Kimasai". Nilichagua ngeli moja, li- na ya-, nikaishika mwanzo hadi mwisho. Google haihitaji neno liwe herufi kwa herufi ndipo ielewe. Njia ya kujiridhisha ni rahisi: andika "shuka la kimasai", kisha "shuka za kimasai", linganisha kurasa zinazotokea. Zikiwa karibu zile zile, huna haja ya kuandika zote. Zikitofautiana sana, ndipo unafikiria.

Lakini kuna kisanduku kingine cha kutafutia ambacho wengi hukisahau, nacho si cha Google. Ni kile kilichomo ndani ya tovuti yenyewe, juu, chenye alama ya lenzi. Tovuti ya mama ilijengwa kwa WordPress, na utafutaji wa kawaida wa WordPress hauelewi maana wala ngeli. Unalinganisha herufi tu, kwa namna inayofanana na hii ukiirahisisha:

```sql
post_title LIKE '%mashuka%'
OR post_content LIKE '%mashuka%'
```

Alama za asilimia zinamaanisha kwamba kabla na baada ya herufi hizo panaweza kuwa na chochote. Matokeo yake kwa Kiswahili ni ya kuvutia, kwa sababu wingi wetu hukaa mbele ya neno. Mteja akiandika "shuka", ukurasa wenye neno "mashuka" utapatikana, maana herufi za shuka zimo ndani ya mashuka. Akiandika "mashuka" kwenye tovuti ambayo ukurasa wake unasema "shuka" tu, ataambiwa hakuna kitu, na bidhaa ipo. Ukurasa wa mama ulikuwa na "shuka" mara moja na majina mengine matano yasiyosaidia, kwa hiyo mteja aliyeandika wingi alikuwa anatoka mikono mitupu. Sentensi moja tu yenye wingi, iliyowekwa mahali ambapo wingi una sababu ya kuwepo, inawapokea wote wawili. Mahali pake pa asili ni bei ya jumla, kwa kuwa anayenunua kwa ajili ya kwaya hanunui moja.

Mteja akiandika maneno kadhaa, WordPress huyatenganisha na kutaka kila moja lipatikane. "Shuka za kimasai" kwa hiyo inakuwa shuka, za, na kimasai. Hiyo "za" inapatikana kirahisi, kwani imo hata ndani ya "tunauza". Inayokwama ni "kimaasai", kwa sababu hakuna ukurasa wenye a mbili. Kwa hilo sikuharibu maelezo. Niliweka tahajia hiyo ya pili kwenye lebo za bidhaa, na fundi wa tovuti akahakikisha kwamba utafutaji wa duka unazisoma lebo pia.

Rangi nayo ina kisa chake. Sarufi ya ngeli niliyoichagua inataka shuka jekundu, mashuka mekundu, shuka jeusi. Ni maneno mazuri na ndiyo yaliyo sahihi. Ila mtu anayetafuta huandika "shuka nyekundu", na kwa kisanduku kile cha herufi, jekundu na nyekundu ni maneno mawili tofauti. Je, tuvunje upatanisho ili tumpate? Hapana. Tunaandika "shuka la rangi nyekundu". Nyekundu hapo inaifuata rangi, na rangi inaitaka hivyo hivyo. Lugha imebaki safi na neno la mteja limo. Nimefurahia sana njia hii kwa sababu inaonyesha kwamba mara nyingi mgongano kati ya sarufi na utafutaji ni wa kudhaniwa tu. Ukikaa na sentensi kidogo, Kiswahili kinakupa mlango. Vivyo hivyo kwa bluu, ambayo haibadiliki hata kidogo na haikutupa shida.

Haya ndiyo maelezo tuliyoyaweka:

> Shuka la Kimasai, drafti za rangi nyekundu na nyeusi
>
> Hili ni shuka la kujifunga begani, si la kutandika. Lina urefu wa sentimita 200 na upana wa sentimita 150, linamtosha mtu mzima kulivaa lubega au kujitanda juu ya nguo nyingine.
>
> Shuka limefumwa kwa nyuzi za akriliki. Ni jepesi kuliko blanketi, hukauka upesi na halichuji rangi. Kwa baridi ya Julai lipige juu ya sweta. Kwa kulalia peke yake halitoshi. Ukilipiga pasi, moto uwe mdogo, maana akriliki huyeyuka.
>
> Tunauza mashuka ya Kimasai kwa moja moja na kwa jumla. Wanaonunua kwa ajili ya kwaya, sendofu au kikundi cha ngoma huchagua drafti moja, nasi tunahakikisha yote yanafanana.
>
> Shuka hili wazee wengi huliita mgolole. Ukiuliza kwa jina hilo dukani kwetu Kaloleni, utapewa hili hili.

Yatazame majina sasa. Lubega limo, lakini limekaa mahali pake kama namna ya kuvaa: "kulivaa lubega". Blanketi limo, lakini kama kitu cha kulinganisha nacho, na sentensi ile inamjibu yule wa Babati kabla hajaagiza. Mgolole umo, umetambulishwa waziwazi kuwa ni jina la pili la kitu kile kile, tena mara moja tu, mwishoni. Maneno yale yale yaliyompoteza mteja yamegeuka kuwa ya kumwelekeza, kwa sababu kila moja limeachwa liseme maana yake. Anayetafuta "lubega" au "mgolole" kwenye kisanduku cha tovuti bado ataupata ukurasa huu. Kitambaa na vazi nimeyaacha kabisa, hayakuwa na kazi. Bidhaa sikuitaja hata mara moja, na naona ni neno ambalo karibu kila tangazo linaweza kuishi bila yake. Mtu hanunui bidhaa. Ananunua shuka.

Jina kamili la "Kimasai" liko kwenye kichwa na kwenye aya ya tatu. Katikati limebaki "shuka" peke yake, kisha li- na ha-. Aya ya pili inaanza na jina kwa sababu ya yule wa kidole. Ndani ya aya hiyo blanketi linapita katikati, nalo ni la ngeli ile ile. Nilipoisoma kwa sauti niliogopa kwamba "hukauka upesi" ingedhaniwa ni sifa ya blanketi. Nikamsomea binti wa dukani, nikamuuliza ni nini kinachokauka. Akasema shuka, bila kusita, maana sentensi nzima inaanza na "ni jepesi kuliko" na blanketi limebaki nyuma ya kuliko. Nikaiacha. Kama angesita, ningeandika shuka mara nyingine.

Maneno mengine ya ukurasa yalikuwa mepesi. Anwani ya ukurasa ikawa `/shuka-la-kimasai`. Maelezo ya picha, yale ambayo wasioona husomewa na simu, yakaeleza picha yenyewe: "Kijana amevaa shuka la Kimasai la drafti nyekundu na nyeusi, limefungwa bega la kushoto". Awali picha zote zilikuwa na maelezo mamoja, jina la duka likifuatwa na maneno ya kutafutia, na kwa mtu anayesikiliza badala ya kutazama hiyo ni picha moja iliyorudiwa mara nyingi. Wageni wanaotafuta kwa Kiingereza wana ukurasa wao kwa lugha yao. Kuchanganya lugha mbili kwenye aya moja kungewapoteza wote.

Mama alikuwa na pingamizi moja. Alitaka neno "halisi" liingie: shuka halisi la Kimasai. Nikamuuliza, mteja akisoma halisi atategemea nini? Akasema, kwamba limefumwa na Wamasai wenyewe. Mashuka haya yanatoka kiwandani, kama karibu yote yanayouzwa mjini, na Wamasai wenyewe ndiyo wanayonunua. Tukakubaliana kwamba sifa nayo hupimwa kwa karatasi, kama jina. Halisi halikuingia.

Maswali ya WhatsApp yamebadilika. Sasa watu wanauliza drafti zipo za aina gani na mzigo unafika lini Singida, na hayo ni maswali ya mtu ambaye tayari ameelewa anachonunua. Swali la mita halijaja tena. Kwenye Search Console watu wa mashuka ya kitanda wamepungua kwenye orodha ya ukurasa huu, na mama ameamua wapewe ukurasa wao, maana hayo pia anayauza.

Unaofuata ni ukurasa wa viatu vya shanga, na huko njia ya wingi kumeza umoja haitafaa. Mashuka yana shuka ndani yake, lakini viatu havina kiatu: ki- imeondoka, vi- imekaa mahali pake. Anayeandika "kiatu cha shanga" kwenye tovuti yenye "viatu" tu hatapata kitu. Kwa hiyo pale itabidi tupate sentensi yenye sababu ya kweli ya kusema kiatu kimoja, na nadhani tunayo. Fundi wa mama huchukua siku nzima kushona shanga za kiatu kimoja, na mteja akipoteza cha kushoto, anaweza kutengenezewa hicho hicho bila kununua jozi.